Chati ya PDF kwenye ripoti: uikate kama picha au uibakize vekta?

Chati inayoonekana safi kabisa ndani ya PDF, ukiihamishia kwenye ripoti mara nyingi hutoka na ukungu. Namba za mhimili zinakuwa kama zimevimba, mistari myembamba inageuka kijivu, na maelezo ya rangi pembeni hayasomeki. Waandaaji wa ripoti wamegawanyika kuhusu dawa yake. Wapo wanaosema piga picha yenye pikseli nyingi zaidi, yaishe. Wengine wanashikilia kwamba kuigeuza picha ndiko kulikoiharibu, hivyo itolewe kama vekta, yaani ibaki mistari na maandishi yanayochorwa upya kila yanapokuzwa. Kwa ripoti nyingi mimi nipo upande wa picha, ingawa hoja za vekta ni nzito na kuna mahali zinashinda.

Kabla ya kuchagua upande, hakikisha kwanza kama kuna cha kuchagua. Fungua ukurasa, kuza hadi asilimia 800, kisha tazama ukingo wa herufi au wa nguzo ya chati. Ukibaki mkali, chati ni vekta. Ukiona vimraba au chenga, basi aliyetengeneza PDF aliibandika kama picha tangu mwanzo. Baadhi ya watu hupima kwa kujaribu kuteua maandishi kwa kipanya, lakini kipimo hicho kinadanganya: ukurasa uliopigwa skani unaweza kuwa na maandishi yasiyoonekana yaliyowekwa juu ya picha, ukayateua vizuri tu huku chini yake pana picha. Mwenye Poppler, programu za kushughulikia PDF kwa kuandika amri, anaweza kuthibitisha hivi:

```
pdfimages -list -f 14 -l 14 ripoti.pdf
```

Amri hiyo huorodhesha picha zote za ukurasa wa 14, na safu ya `x-ppi` huonyesha kila moja ina pikseli ngapi kwa inchi pale ilipowekwa. Chati ikiwa humo na imeandikwa 110, ubishi wote umekwisha. Hata ukiutoa ukurasa kwa pikseli 600 kwa inchi, utapata faili kubwa lenye ukungu uleule. Kilichobaki ni kuichukua picha yenyewe kama ilivyo, kwa `pdfimages -all`, au kumwomba mwenye chati akupe ya asili.

Tuseme chati ni vekta. Wanaoitetea njia ya vekta wana haki katika jambo la msingi: hakuna kinachopotea. Mstari wenye unene wa robo pointi unabaki hivyo hivyo kwenye skrini ndogo, kwenye bango la ukutani na kwenye printa. Maandishi yanaweza kubaki maandishi, na faili kwa kawaida huwa dogo. Ukifungua ukurasa kwenye Inkscape, ukafuta vingine vyote, ukaipunguza karatasi ilingane na chati na kuhifadhi kama SVG, yaani faili la vekta, matoleo mapya ya Word yataipokea. Anayeandika kwa LaTeX ana raha zaidi, maana anaweza kuingiza kipande cha PDF moja kwa moja.

Ugumu huanza faili linapotoka mikononi mwako. Ripoti nyingi hupitia kwa watu kadhaa, kila mmoja na programu yake. Google Docs haipokei SVG. Toleo la zamani la Word halijui kuichora. Fonti iliyotumika kwenye chati isipokuwepo kwenye kompyuta ya mwenzako, maandishi yanaweza kuchorwa kwa fonti nyingine, na neno lililokuwa limeenea vizuri juu ya nguzo likamwagikia nguzo ya jirani. Dawa ipo, nayo ni kuyageuza maandishi kuwa michoro kabla ya kuhifadhi, lakini ukishafanya hivyo umepoteza mojawapo ya faida ulizozifuata. Tena, chati ya vidoto maelfu kwa maelfu hubaki na kila kidoto kama kitu kinachojitegemea, na Word huanza kusuasua kila unapopita ukurasa huo.

Lipo na jingine linalonisumbua zaidi kuliko hayo yote. Kukata PDF kwa zana ya kawaida ya kukata hakufuti kitu. Programu huandika tu mpaka mpya wa sehemu ya kuonyeshwa, na yaliyo nje ya mpaka huo hubaki ndani ya faili. Mtu yeyote akiurudisha mpaka ataona aya, majina na takwimu ulizodhani umeziacha nyuma. Kama ukurasa wa chanzo una taarifa za wagonjwa au mishahara, hilo si suala la urembo. Picha iliyotolewa kwa eneo la chati pekee haina hatari hiyo, kwa sababu pikseli za nje hazijawahi kuwemo. Angalizo: ukiingiza ukurasa mzima kwenye Word halafu ukaukatia humo, Word nayo huhifadhi sehemu iliyokatwa hadi uchague `Delete cropped areas of pictures`.

Sasa upande wa picha. Udhaifu wake unajulikana: idadi ya pikseli hufungwa siku unapoikata. Lakini udhaifu huo unapimika, na mwenye kupima hashtukizwi. Kosa la kawaida ni kukata picha ya skrini huku ukurasa ukiwa umeonyeshwa kwa asilimia 100. Kwenye skrini ya pikseli 96 kwa inchi, chati ya inchi 5.5 inakupa pikseli 528 tu kwa upana. Ukiitandaza kwenye ripoti kwa sentimita 16, ambazo ni kama inchi 6.3, kila inchi ina pikseli 84. Kwa maandishi madogo yanayokwenda kuchapwa, shabaha ya kawaida ni 300. Huo ndio ukungu wenyewe.

Picha ya skrini si mbaya kwa asili yake. Kuza chati ijaze skrini ya pikseli 1920 kisha ukate, utapata karibu kiasi kinachohitajika. Kwenye kompyuta ya pikseli 1366 utaishia kama 217 kwa inchi, inayotosha kusomwa kwenye skrini. Ila tazama kingo za herufi: programu nyingine hulainisha maandishi kwa ajili ya skrini bapa, na picha yako hubeba kivuli chekundu na cha bluu pembeni mwa kila herufi. Wanaotumia zana ya `Take a Snapshot` ya Acrobat nao waingie kwenye mapendeleo, sehemu ya `General`, wawashe `Use fixed resolution for Snapshot tool images` na waandike 300 au zaidi mahali pa 72.

Njia ninayoiamini ni kuutoa ukurasa wenyewe kwa idadi ya pikseli uliyoikokotoa. Chukua chati hiyohiyo ya inchi 5.5 kwa 3, inayokwenda kukaa kwenye sentimita 16. Unahitaji pikseli 300 mara inchi 6.3, yaani 1890. Gawa kwa upana wake kwenye chanzo, 5.5, unapata kama 344. Zungusha iwe 350. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanaandika 300 bila kukumbuka kwamba chati itatandazwa kuzidi ukubwa wake wa mwanzo.

Ili kupata mipaka, toa kwanza ukurasa mzima kwa pikseli 100 kwa inchi kwa `pdftoppm`, programu nyingine ya Poppler, uufungue kwenye programu inayoonyesha mahali kipanya kilipo, kama GIMP, na usome namba. Tuseme chati inaanza pikseli 100 kutoka kushoto na 340 kutoka juu, upana 550 na kimo 300. Zidisha kila namba kwa 3.5, kisha andika:

```
pdftoppm -f 14 -l 14 -r 350 \
  -x 350 -y 1190 -W 1925 -H 1050 \
  -png -singlefile ripoti.pdf chati
```

Utapata `chati.png` yenye upana wa pikseli 1925, sawa na kama 305 kwa inchi ikishakaa kwenye ripoti. Mstari wa robo pointi, ambao kwenye picha ya skrini ulikuwa na theluthi moja tu ya pikseli na hivyo ukapakwa kijivu, sasa una zaidi ya pikseli nzima. Ikitokea umekata ncha ya mhimili, rekebisha namba kidogo uirudie amri. Faida hii haisemwi vya kutosha: mwezi ujao chanzo kikitolewa upya na mpangilio uleule, amri ileile inakupa kipande kilekile, wakati mkono unaoburuta kipanya haukati sawasawa mara mbili.

Baada ya hapo adui ni Word. Kwa kawaida hupunguza picha hadi pikseli 220 kwa inchi unapohifadhi, kwa hiyo 1925 zako zinakuwa kama 1386. Nenda `File`, `Options`, `Advanced`, tafuta `Image Size and Quality`, weka alama kwenye `Do not compress images in file`, na ufanye hivyo kabla ya kuingiza picha. Pikseli zilizokwisha kutupwa hazirudi kwa kubadili mpangilio. JPEG nayo iepukwe: imetengenezwa kwa ajili ya picha za kamera, na pembeni mwa herufi nyeusi juu ya weupe huacha uchafu unaofanana na vumbi. Kadhalika usimtumie mwenzako picha hiyo kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwani hubanwa njiani. Itume kama hati.

Kwa hiyo nagawanya hivi. Kama wewe ndiye unayetoa PDF ya mwisho, au chapisho linakwenda kiwandani kwa ukubwa usiojulikana, chukua vekta na ukubali kazi ya kusafisha fonti na vilivyofichwa. Kama ripoti itahaririwa na watu wanne kwenye kompyuta nne, PNG iliyokokotolewa itafika kama ulivyoituma.

Kwa majedwali, sipendi upande wowote kati ya hizo mbili. Jedwali la ukurasa uliolazwa, lenye upana wa sentimita 25 na herufi za pointi 9, likibanwa kwenye sentimita 16 herufi zake zinashuka hadi chini kidogo ya pointi 6. Vekta haiokoi hapo, wala pikseli 600. Zitakuwa herufi kali zisizosomeka. Picha ya jedwali ina haki yake pale msomaji anapotakiwa kuona chanzo kilivyoandikwa, mhuri na vyote, kwa sababu anayeandika upya anaweza kukosea tarakimu. Kwingine kote chagua safu tatu au nne ambazo hoja yako inazihitaji, ziandike upya kama jedwali la Word ili hata anayesomewa na kompyuta azisikie, taja chanzo chini yake, na ujumlishe safu zile ambazo chanzo kimetoa jumla yake uone kama zinalingana.