Hisa zimepungua, lakini fedha nazo zimetoka
"Kampuni ikinunua hisa zake yenyewe, zilizobaki hupanda thamani kwa sababu zimekuwa chache." Mwandishi wa maneno hayo amesahau fedha zilizotoka mfukoni mwa kampuni ili kuzinunua. Mimi ni mhasibu hapa Lubumbashi, na huwaeleza wanahisa kwa mfano huu: kampuni ya malori yenye thamani ya dola 100,000, ambamo dola 20,000 ni fedha taslimu zilizolala tu, ina hisa 1,000, kila moja dola 100. Ikinunua hisa 200 kwa bei hiyo, hubaki na mali ya dola 80,000 na hisa 800, yaani dola 100 kila moja, kama jana. Kinachowapotosha wengi ni faida kwa kila hisa: faida ya mwaka ya dola 8,000, ikigawanywa kwa hisa 800, huonyesha dola 10 badala ya 8, ingawa hakuna lori lililoongeza safari hata moja. Hatari iko kwenye bei, nami naiona kubwa: kampuni ikilipa dola 125 kwa kila hisa, zile dola 20,000 zitapata hisa 160 tu, na zile 840 zilizobaki zitakuwa na thamani ya takriban dola 95 kila moja, kwa hiyo aliyeuza amefaidika kwa hasara ya aliyebaki. Kugawanya hisa ni jambo jepesi zaidi, maana hakuna senti inayotoka. Kampuni ya Nvidia ya Marekani ilipogawanya kila hisa yake kuwa 10 mwezi Juni 2024, bei ilitoka karibu dola 1,200 ikawa karibu dola 120. Je, wasomaji wenye hisa katika kampuni iliyowahi kuzinunua tena, bei ilipangwa na nani, na kwa hesabu gani?