Uwanda mpana au kilele cha bahati: ramani ya joto inathibitisha nini hasa?

Ukishajaribu mkakati wa kutredi kwenye bei za zamani kwa michanganyiko mingi ya parameta, njia ya haraka ya kuona matokeo yote kwa pamoja ni ramani ya joto. Parameta moja hukaa kwenye mistari, nyingine kwenye safu, na rangi ya kila kisanduku huonyesha alama iliyopatikana, mara nyingi uwiano wa Sharpe, yaani faida ikigawanywa kwa kuyumba kwake. Watu wanaoitumia wamegawanyika. Wapo wanaosema uwanda mpana wa rangi nzuri ni dalili kwamba mkakati umeshika kitu cha kweli sokoni, na kwamba kisanduku kimoja king'aacho katikati ya vilivyofifia ni bahati tupu. Wengine hujibu kwamba hiyo ni picha ya kujipa moyo, kwa kuwa hata kelele tupu, yaani kuyumba kwa bei kwa nasibu, inaweza kutoa uwanda. Naona pande zote mbili zina hoja, ila hazilingani uzito: ramani hii ni hodari wa kukataa mkakati, na ni dhaifu sana wa kuuthibitisha.

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wa aina inayokutwa kila siku. Mkakati unanunua bei inapovuka kilele cha siku N zilizopita, na unatoka bei ikirudi nyuma kiasi cha k mara ATR, yaani wastani wa mwendo wa bei kwa siku. Data ni ya miaka 10. Kipande kimoja cha ramani kinasomeka hivi:

```
          k=2.0   k=2.5   k=3.0
N=28      0.46    0.52    0.49
N=40      0.51    1.12    0.57
N=56      0.44    0.48    0.50
```

Mbali kidogo, N ikiwa 80 hadi 160 na k ikiwa 3.5 hadi 4.5, visanduku tisa vyote vina alama kati ya 0.68 na 0.79, wastani wake 0.74. Programu ya kutafuta kilicho bora itachagua 1.12 bila kusita. Msomaji wa ramani atachagua katikati ya uwanda na kukubali alama ndogo zaidi.

Kwa nini 1.12 ishukiwe? Jibu la kawaida ni kwamba majirani zake nane wana wastani wa 0.50 tu, lakini hilo peke yake halitoshi. Kwa data ya miaka 10, kosa sanifu la uwiano wa Sharpe wa mwaka ni takribani moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha 10, yaani kama 0.32. Kwa kipimo hicho mtu anaweza kudai kwamba pengo la 0.62 ni kuyumba kwa kawaida. Dai hilo lingesimama kama visanduku vingekuwa huru, kila kimoja na data yake. Haviko huru. Majirani wanakaa sokoni siku nyingi zilezile, wakiwa na msimamo uleule. Ikiwa kipimo cha uhusiano wa faida zao za kila siku ni 0.9, kuyumba kunakotarajiwa kwa tofauti kati ya majirani wawili kunashuka hadi kama 0.14. Pengo la 0.62 ni zaidi ya mara nne ya hapo. Kuyumba kwa kawaida hakulifikii. Kuna kitu mahususi kimetokea ndani ya kisanduku hicho, na kinaweza kuonekana kwa macho.

Fungua orodha ya tredi za kisanduku cha k=2.5 uiweke kando ya ile ya k=2.0 na ile ya k=3.0. Mara nyingi utakuta jambo la namna hii: katika tredi 46, tatu ndizo zimebeba tofauti yote. Katika moja, bei ilishuka ikakaribia kikomo cha hasara cha 2.5 bila kukigusa, ikageuka, ikapanda kwa miezi. Kwa k=2.0 tredi hiyo ilikatwa siku mbili kabla ya bei kugeuka. Kwa k=3.0 nayo ilinusurika, lakini tredi iliyotangulia ilichelewa kufungwa, ikala hasara zaidi, na mkakati ukaingia tena kwa bei mbaya. Ukiondoa tredi hizo tatu, alama inashuka hadi karibu na 0.5, sawa na majirani. Hapo hukumu inakuwa na msingi: kisanduku hiki kimekariri mahali ambapo bei iligeukia, na bei haitageuka tena palepale.

Hadi hapa wapenzi wa uwanda wako sahihi kabisa. Tatizo linaanza wanapochukua hoja hiyohiyo na kuigeuza: kama kilele chembamba ni kibaya, basi uwanda mpana ni mzuri. Haifuati hivyo. Sababu ileile inayofanya kilele kishukiwe, yaani majirani kushirikiana siku nyingi, ndiyo inayotengeneza uwanda bila soko kuchangia chochote. Bei ikivuka kilele cha siku 113, mara nyingi imevuka pia kile cha siku 115. Visanduku hivyo viwili ni jaribio moja lililoandikwa mara mbili, na kukubaliana kwao hakuongezi ushahidi.

Wengi huzidisha kosa hili bila kujua kwa kupanga mhimili kwa hatua sawa: 10, 15, 20, na kuendelea hadi 200. Kutoka 10 hadi 15 ni nusu nzima imeongezeka, ilhali kutoka 195 hadi 200 ni chini ya asilimia 3. Matokeo yake, upande wa namba kubwa wa ramani hujaa visanduku vinavyokaribia kufanana na huonekana kama uwanda mkubwa, hata kama ni sehemu ndogo tu ya tabia ya mkakati. Afadhali kila hatua iwe karibu mara 1.4 ya iliyotangulia: 10, 14, 20, 28, 40, 56, 80, 113, 160. Ramani itakuwa ndogo na uwanda utapungua, lakini kinachobaki kina maana. Kwenye mfano wetu N tayari imepangwa hivyo, kwa hiyo uwanda wa 80 hadi 160 una uzito kiasi: ni kuongezeka maradufu kwa parameta huku alama ikibaki karibu palepale.

Bado hatujui kama 0.74 ni kitu. Swali linalofaa ni hili: kama mkakati haujui lolote, soko hili lingeutengenezea uwanda wa namna hii mara ngapi? Njia ya kujibu ni kuchanganya mpangilio wa siku. Chukua mabadiliko ya kila siku, kila siku ikiwa na kilele chake na kima chake cha chini, yachanganye kwa nasibu, jenga upya mfululizo wa bei, kisha endesha ramani yote tena. Rudia mara 500. Kwa kila ramani ya bandia, tafuta eneo la visanduku tisa lenye wastani wa juu kuliko yote, uandike namba yake. Mwelekeo wa jumla wa soko unabaki, na hilo ni jambo jema: mkakati wa kununua tu kwenye soko lililopanda miaka 10 hung'aa karibu kila mahali, na ramani za bandia zitang'aa vilevile.

Tuseme ramani 60 kati ya 500 zimetoa eneo lenye wastani wa 0.74 au zaidi. Hiyo ni asilimia 12. Uwanda uliokuwa unapendeza sasa ni kitu ambacho bahati hutoa karibu mara moja katika kila majaribio manane. Mimi nisingeuweka mkakati huo sokoni kwa hela ya maana. Wala nisingeutupa, ila ningeacha kuuita imara. Jaribio hili nalo lina mipaka yake: kuchanganya siku mojamoja huvunja tabia ya siku za msukosuko kufuatana, na kikomo kinachotegemea ATR kinaitegemea tabia hiyo. Kuchanganya mafungu ya siku 20 hupunguza tatizo, lakini huacha pia mienendo mifupi ambayo huenda ndiyo unayoipima.

Upande wa pili una hoja nyingine ninayoiheshimu: si kila kilele chembamba ni bahati. Ripoti ya ajira ya Marekani hutoka saa 2:30 asubuhi kwa saa za New York, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Mkakati unaojengwa juu ya mwendo wa bei baada ya tangazo hilo lazima uwe na kilele kikali kwenye mhimili wa dakika ya kuingia. Ukiingia dakika tano kabla, unafanya biashara nyingine kabisa. Kudai uwanda hapo ni kukataa jambo ambalo chanzo chake kinajulikana. Hata hivyo mhimili wa pili, yaani muda wa kushikilia tredi, hauna udhuru huo. Kama dakika 40 zinalipa huku 30 na 50 zikila hasara, tumerudi kwenye bahati. Sababu huhalalisha ukali wa mhimili unaohusika nayo tu, na sharti iwe ilijulikana kabla ya ramani kuchorwa. Angalia pia saa za data yako: zikiwa za UTC, tangazo hilohilo huangukia 12:30 majira ya joto na 13:30 majira ya baridi ya kule, na kilele kimoja cha kweli kitaonekana kama vilele viwili vilivyofifia.

Kuhusu rangi nitasema kidogo. Weka mipaka ya rangi mwenyewe, kwa mfano `vmin=-1, vmax=1`, usiiachie programu. Vinginevyo tofauti ya 0.05 inaweza kugeuka mlima. Na kama unatumia `imshow` ya matplotlib, andika `interpolation='nearest'` ili visanduku visipakwe rangi vikayeyukiana, kwa sababu kuyeyukiana huko huzalisha uwanda usiokuwepo.

Kwa mkakati wetu wa 0.74 bado kuna kipimo kimoja ambacho ningekipa uzito kuliko upana: kuigawa miaka 10 katika nusu mbili na kuchora ramani mbili. Uwanda ukikaa palepale, N kati ya 80 na 160 katika nusu zote mbili, ile asilimia 12 inaanza kuonekana kali kupita kiasi, nami ningeendelea kuujaribu mkakati kwa mtaji mdogo. Ukihama, tuseme nusu ya kwanza iko kwenye N=28 na ya pili kwenye 160, basi ule uwanda wa miaka 10 ni wastani wa masoko mawili tofauti, na hakuna namba ndani yake ambayo mtu angeweza kuichagua mwaka wa tano akabaki nayo hadi wa kumi.