Futa Namba ya Simu Kwenye Hicho Kikapu

Wiki hii kundi letu la wafanyabiashara wa Tanga limekuwa la vilio. Dada mmoja wa Makorora, muuza vikapu vya mkonge, kaweka bidhaa zake kwenye Google Merchant Center ili zionekane mtu anapotafuta, na karibu zote zimekataliwa. Akalalamika kwa sauti ndefu. Watu wakaitikia kama wako kwenye dua: wanatuonea, hawataki Mswahili apate.

Nikaomba picha moja niione. Kikapu kizuri, sikatai, mkonge wa rangi ya asili wenye mistari ya kijani. Ila juu kuna "MZIGO MPYA!!!", chini namba mbili za simu, kona ya kulia "Tunatuma mikoani", pembeni fremu ya dhahabu yenye maua kama kadi ya mwaliko wa harusi, na katikati jina la duka limelazwa kishingoupande, hafifu hafifu, kuanzia ukingo hadi ukingo. Kikapu kipo, ukitafuta.

Jamani, nani kawaonea?

Sababu ya kukataliwa iliandikwa palepale: Promotional overlay on image. Maana yake kuna maneno ya kunadi, fremu au nembo vilivyobandikwa juu ya picha kuu. Sheria hii si ya Google peke yao. Amazon ni wakali zaidi: picha kuu iwe na mandhari meupe kabisa, RGB 255, 255, 255, na bidhaa ijaze angalau asilimia 85 ya picha. Google wao hawakulazimishi weupe, ingawa wanaupendelea, na wanataka bidhaa ichukue kati ya asilimia 75 na 90. Kote kuwili neno la kubandika ni marufuku, hata likiwa dogo namna gani.

Na mantiki yake naiona, japo sipendi kuwatetea matajiri. Picha yako kule haikai peke yake kama ilivyo kwenye stetasi ya WhatsApp. Inapangwa safu moja na vikapu vya watu wengine, na bei inaandikwa chini na mfumo wenyewe. Kila mmoja akipiga kelele ndani ya picha, mnunuzi haoni kikapu, anaona ukuta wa mabango.

Maneno yako hayapotei, yana mahali pake. Kwenye orodha ya bidhaa unayowapa Google, punguzo linakwenda kwenye safu ya `sale_price`, gharama ya kutuma kwenye `shipping`, sifa kwenye maelezo. Mchoro wa vipimo unaweza kukaa kwenye picha za nyongeza, `additional_image_link`, ambazo zinaruhusiwa hadi 10. Namba ya simu iache kwenye tovuti yako. Basi.

Sasa kinachowauma watu ni ile nembo ya katikati, wotamaki. "Kaka, nikiitoa wananiibia picha." Hapa nyamazeni nami niseme, kwa sababu hofu hii ni ya kweli. Dada huyu picha yake ilishaibwa na muuzaji wa mji mwingine, akapokea oda na hela za watu kwa kikapu ambacho hajawahi kukishika. Wateja wakaja kumgombeza yeye. Ukishapitia hayo, ukaambiwa utoe nembo yako, lazima uone unavuliwa nguo sokoni.

Lakini ile nembo ilimzuia nani? Mwizi aliifuta kwa simu akiwa kitandani. Kinachosaidia ni kuhifadhi picha halisi, ile kubwa iliyotoka kwenye kamera, na kuweka mtandaoni nakala iliyopunguzwa, mfano pikseli 1500 kwa 1500. Siku ya kulalamika kwa mtandao alikojificha mwizi, wewe ndiye mwenye faili kubwa na picha zilizopigwa kabla na baada yake. La pili nalipenda zaidi: shona kitambaa kidogo chenye jina la duka kwenye mshikio wa kikapu. Sheria inakataza maandishi yaliyobandikwa juu ya picha, haikatazi maandishi yaliyomo kwenye bidhaa yenyewe. Kitambaa kikionekana pichani ni sehemu ya kikapu, mradi mteja naye akipokee kikiwa nacho. Kukifuta vizuri, na mkonge umepita nyuma yake, mwizi atatoka jasho.

Tuje kwenye kurekebisha. Maneno yakiwa pembezoni tu, kata kingo, mradi usikate mshikio. Yakiwa yamepita juu ya kikapu, usihangaike kuyafunika kwa mraba mweupe wala kuyatia ukungu, kwa sababu doa litabaki na mnunuzi ataliona hata mashine ikilipitisha. Rudi kwenye picha halisi. Kama iko kwa mpiga picha, mwambie akutumie kama dokyumenti, maana ikija kama picha ya kawaida WhatsApp inaipunguza. Kama haipo, piga upya barazani, kivulini, shuka jeupe nyuma na chini. Ukisafisha mandhari kwa simu, kuza uangalie kingo: mkonge wa asili na weupe vinakaribiana rangi, na programu hula nyuzi za pembeni, kikapu kikatoka kama kimetafunwa na panya.

Dada alifanya hivyo. Akapandisha picha safi. Ikakataliwa tena, na kundi likawaka upya.

Nikamwambia afungue anwani ya picha, ileile iliyo kwenye `image_link`, katika dirisha la faragha la kivinjari. Nembo hiyo hapo! Kumbe fundi aliyemtengenezea tovuti aliweka plagini inayopiga chapa kila picha inayopandishwa. Kwenye simu yake picha ni safi, kwenye tovuti ina nembo, na Google wanaichukua ya tovuti. Tukaizima plagini, akapandisha upya, na safari hii kwa jina jipya la faili, juu la zamani, chini jipya:

```
https://example.com/picha/kikapu-kijani.jpg
https://example.com/picha/kikapu-kijani-2.jpg
```

Jina lina kazi. Ukibadilisha picha ukaacha anwani ya zamani, mfumo unaweza kuendelea kutumia nakala ya zamani kwa muda mrefu, nawe unabaki unalaumu mabeberu. Anwani mpya inaulazimu uje kuchukua upya. Na usisahau kuibadilisha kwenye orodha ya bidhaa pia, kisha subiri siku kadhaa. Kubonyeza kila baada ya saa moja hakuharakishi kitu.

Ipo pia sehemu ya kuwasha maboresho ya picha ya moja kwa moja, mfumo ukajaribu kufuta maneno wenyewe. Iwasheni mkitaka. Nembo iliyopita katikati ya ususi huishinda mara nyingi, na ikifaulu inasafisha kule kwao tu, tovuti yako inabaki na bango lake.

Nitawapa haki yenu kwenye jambo moja. Mashine hukosea. Dada ana kikapu kilichosukwa neno KARIBU kwa mkonge mwekundu, na hicho nacho kilikataliwa, ilhali neno limo kwenye ususi. Hapo hakuna cha kufuta. Unaomba ukaguzi, ukiwa umehakikisha pichani hakuna neno lingine hata moja. Alipoomba mara ya kwanza aliacha fremu ya maua, eti inapendeza.