Deni halimo kwenye picha ya daftari

Katibu wa kikundi anapiga picha kurasa za daftari, anazituma kwa mtu anayejua lahajedwali, na chini anaandika: "Tutolee nani anadaiwa." Ombi linaonekana dogo, kama kazi ya kunakili tu. Msimamo wangu ni kwamba jibu la swali hilo halimo kwenye picha. Daftari huandika kilicholipwa. Kilichotakiwa kulipwa kimo kwenye kanuni za kikundi, na deni ni tofauti ya hivyo viwili. Ukianza kunakili kabla hujauliza kanuni, utatoa orodha nzuri ya kutazama ambayo itamdhulumu mtu.

Nichukue ukurasa mmoja wa aina inayofahamika. Wanachama ni 12, kila mmoja ana namba, wiki ni 8, mchango ni 2,000 kwa wiki. Mbele ya mwanachama namba 4 pameandikwa hivi: 2,000, 2,000, patupu, 4,000, 2,000, tiki, patupu, 2,000. Mwenye haraka atahesabu nafasi tupu, ataona mbili, na kusema anadaiwa 4,000. Mwingine atajumlisha tarakimu zinazosomeka, atapata 12,000, atazitoa kwenye 16,000 na kufika pale pale. Wawili wamekubaliana, na wote wawili wamekosea. Wa kwanza hakuona kwamba ile 4,000 ya wiki ya nne inabeba wiki ya tatu iliyoachwa wazi. Wa pili aliichukulia tiki kuwa si kitu.

Tiki ni nini basi? Kwa mweka hazina aliyechoka, mara nyingi ni "kalipa kama kawaida". Lakini haifai kukisia wakati ushahidi uko chini ya ukurasa huohuo. Katika safu ya wiki ya sita kuna watu 9 wenye 2,000 zinazosomeka, tiki moja na nafasi tupu mbili. Mweka hazina amehesabu fedha siku hiyo na kuandika jumla 20,000. Tisa wanatoa 18,000, kwa hiyo tiki ni 2,000. Namba 4 amelipa 14,000 na anadaiwa 2,000. Ndiyo maana ninamsisitizia kila mpiga picha: jumla ya chini isikatwe, wala isifunikwe na kidole. Ukurasa bila jumla ni ukurasa usiokuwa na shahidi.

Unapoingiza kwenye lahajedwali, usichore tena gridi ya daftari. Gridi hukulazimisha kuweka kitu kimoja kwenye chumba kimoja, ilhali maisha ya kikundi hayaendi hivyo: namba 10 anamlipia namba 7, mwingine anatoa 4,000 ambayo nusu yake ni rejesho la mkopo, mwingine analipa mara mbili siku moja. Kila malipo yapewe mstari wake: wiki, namba ya anayelipiwa, kiasi, ukurasa wa daftari, na safu ya maelezo ambamo utaandika "kaleta namba 10" au "tiki, imethibitishwa kwa jumla". Tumia namba ya mwanachama, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa jina lake wiki hii na kwa jina la mwanawe wiki ijayo, na lahajedwali litamhesabu kuwa watu wawili. Kama mko wawili, mmoja asome picha kwa sauti na mwingine aandike. Jicho linaloruka kati ya picha na jedwali hupoteza mstari.

Kisha fungua karatasi ya pili ya wanachama: safu A namba, safu B wiki aliyojiunga. Ikiwa malipo yako kwenye karatasi inayoitwa Malipo, namba za wanachama ziko safu B na kiasi safu C, deni la mtu aliye mstari wa 5 ni:

```
=(8-B5+1)*2000-SUMIFS(Malipo!C:C,Malipo!B:B,A5)
```

Sehemu ya kwanza ndiyo kanuni ya kikundi, ya pili ndiyo daftari. Mwanachama namba 11 aliyejiunga wiki ya nne anatakiwa kulipa wiki 5, yaani 10,000. Kama kikundi kilikubaliana kwamba anayechelewa kujiunga afidie wiki zilizopita, B yake iwe 1. Hilo wanachama ndio wanaolijua, si mwandishi wa jedwali. (Wapo waandishi wa jedwali wanaojipa ukatibu kimyakimya. Ninawaona.)

Kuna mtego mmoja ambao haupigi kelele. Ukiandika herufi O mahali pa sifuri, au ukaandika "2000 kalipa" ndani ya chumba cha kiasi, SUMIFS itakiona chumba hicho kuwa maandishi na kukiruka bila kukuonya. Mtu aliyelipa ataonekana mdaiwa. Utautambua kwa macho: usipogusa mpangilio, tarakimu hukaa upande wa kulia wa chumba, maandishi hukaa kushoto.

Ukishaingiza ukurasa, jumlisha kila wiki na ulinganishe na jumla ya daftari kabla ya kugeukia ukurasa mwingine. Tuseme wiki ya tano jedwali limezidi kwa 1,800. Tofauti hiyo inagawanyika kwa 9, na hiyo ni dalili ya kale ya wahasibu kwamba huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Kwa hiyo anza na walioleta pungufu ya mchango kamili: namba 9 alitoa 1,300, jedwalini imeingia 3,100. Dalili hii haithibitishi kosa, inakuonyesha tu pa kuanzia. Na upungufu wa 2,000 kamili mara nyingi ni mstari mzima ulioachwa.

Kikibaki kitu kisichosomeka, kibaki hivyo. Weka safu ya "haijulikani" pembeni ya deni, uandike ukurasa na wiki. Wala usimwombe katibu arekebishe daftari lifanane na jedwali, kwa sababu siku ya mabishano daftari ndilo lenye mwandiko wa siku yenyewe. Aliyewekewa alama ya haijulikani aulizwe peke yake kabla orodha haijasomwa mbele ya kikao.

Faini ziwe na karatasi yake, kwani kwenye deni la michango ile 4,000 ya namba 4 imefuta wiki ya tatu, lakini kwenye faini wiki hiyo bado ilichelewa.

Mwishoni utaona baadhi ya wanachama wana deni lenye alama ya kutoa. Hao wamelipa mbele. Usijumlishe safu nzima ya deni na kuipeleka kwa mwenyekiti, maana 6,000 ya aliyetangulia itafunika 6,000 za waliochelewa na kikundi kitaambiwa hakidai chochote. Jumla ya madeni ichukue walio juu ya sifuri pekee, kama deni liko safu C:

```
=SUMIF(C2:C13,">0")
```

Waliotangulia wapate jumla yao kwa alama ya `"<0"`, na jumla hizo mbili zisichanganywe.