Waya wa nne wa marehemu mjomba

Jumamosi nilikuwa harusini Kinondoni. DJ, Mungu ampe maisha marefu, akaachana na singeli kwa dakika kumi akaweka wimbo wa bendi ya Simba Wanyika. Wazee wakainuka mmoja mmoja, magoti yakisahau maumivu. Kijana mmoja wa meza yetu, mwenye saa kubwa kuliko mkono, akaniinamia: "Hawa si walikuwa wanakopi Wakongo tu?" Pilau ikanikwama. Nilinyamaza kwa heshima ya bibi harusi. Hapa blogu ni yangu, sina bibi harusi wa kumheshimu.

Tukiamua kucheza mchezo wa nani kakopi nani, basi tuucheze mpaka mwisho. Tangu 1933 kampuni ya Gramafoni ya Uingereza ilikuwa ikitoa santuri za Kyuba kwa ajili ya soko la Afrika, zile zenye herufi za GV. Zikafika Leopoldville, Kinshasa ya leo, watu wakacheza, na wapiga magitaa wakazikalia kitako. Ndani ya baadhi ya santuri zile kuna piano inayozungusha kipande kimoja kifupi chini ya waimbaji, inakirudia bila kuchoka. Sasa niambie, baa gani ya Leopoldville ilikuwa na piano? Magitaa yalikuwepo. Kipande cha piano kikahamia kwenye nyuzi, na walioimba wakaimba hata Kihispania wasichokijua maana. Hiyo mbona haiitwi kopi? Inaitwa rumba, na 2021 UNESCO wakaipigia muhuri. Hongera zao, sina kinyongo. Kidogo tu.

Mwaka 1948 Mgiriki Nico Jeronimidis alifungua lebo ya Ngoma pale Leopoldville, na humo Wendo Kolosoy akarekodi akiwa na Henri Bowane kwenye gitaa. Bowane ndiye wengi wanaomtaja kwa kuliachia gitaa likimbie peke yake waimbaji wakishamaliza, yaani sebene. Ila santuri ya wakati ule ilikuwa na dakika tatu tu kila upande. Sebene lilikuwa linaanza kunoga, sindano inafika katikati, kwisha. Ukumbini bendi iliweza kulivuta mpaka jasho liwakauke. Dukani ulinunua kionjo.

Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Gitaa hili halikuja kwetu na mwalimu. Lilikuja ndani ya sahani nyeusi. Ulisikia sauti, mikono hukuiona.

Marehemu mjomba wangu alipiga gitaa kwenye bendi ndogo Tanga, bendi ambayo hata wenyewe walilisahau jina lake baadaye. Njia yake ya kujifunza ilikuwa hii: anachukua santuri ya spidi 45, anaiweka kwenye 33. Wimbo unakwenda polepole, vidole unaweza kuvifuata. Lakini sauti nayo inashuka, karibu ngazi nne. Wimbo uliopigwa kwenye do unasikika kama uko kwenye sol ya chini, na wala hauangukii sawasawa, kwa hiyo lazima ulegeze nyuzi zako zote kidogo ndipo mpatane. Akishakishika kipande anakaza nyuzi, anarudisha 45, anajaribu kukimbia nao. Shangazi alikuwa akisema nyumba ile ilisikia kila wimbo ukiwa mgonjwa kwanza, ndipo upone.

Solo alilipata. Ridhimu alilipata. Kilichomshinda ni gitaa la kati, lile Wakongo wanaloita mi-solo, linalokaa baina ya solo na ridhimu na kuzunguka bila kupumzika kama mtu anayesokota kamba. Kuna santuri moja ya Kinshasa iliyomtesa miezi. Noti zote alizijua. Akizipiga karibu na kichwa cha gitaa zinatoka nzito, akipanda juu kwenye shingo zinakuwa sawa kwa wimbo, lakini mkono unaruka-ruka na mzunguko unakatika. Kwenye santuri haukatiki. Alifikia kusema ni watu wawili wanapiga. Akafikia pia kusema ni dawa.

Haikuwa dawa. Ilikuwa waya. Mkongo mmoja aliyepita Tanga na bendi alimwachia alishike gitaa lake, na mjomba akakuta uzi wa nne ni mwembamba, mwembamba kama ule wa kwanza kabisa. Badala ya re nene ya kawaida, palikuwa na re ya juu yake, oktavu nzima. Mtindo huo unaitwa mi-composé, na wengi wanauhusisha na Zacharie Elenga, yule Jhimmy aliyerekodi kwenye lebo ya Opika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Fikiria kinachotokea: nyuzi tano ziko kama unavyozijua, ila ule wa nne sasa unalia juu kuliko wa tatu na wa pili. Ukiparaza nyuzi tatu zilizo jirani, mkono hauhami hata inchi, lakini sauti inaruka juu, inashuka, inapanda. Kinachotoka kinakaribia likembe, ile ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa dole gumba, kuliko gitaa. Ukitaka kuutambua kwenye rekodi, sikiliza gitaa la kati: linameta muda wote na ule uzi mnene wa re hausikiki hata mara moja.

Usiku huohuo mjomba alifunga uzi mwembamba. Shangazi akalala.

Kwa hiyo huyo ni mkopi? Ile miezi aliyokosea alikuwa ameshatunga vipande vyake vya kupanda shingo, na hakuviacha. Zidisha huyo mmoja kwa kila mji uliokuwa na gramafoni. Wale ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walioanzisha Simba Wanyika, walitoka Tanga hiyohiyo, kwenye bendi ya Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha wakaishia Nairobi, na magitaa yao hayafanani na ya Kinshasa. Ni makavu, yamepungua vitu, kila moja linampisha mwenzake. Msikilize Profesa Omari Shabani akipiga ridhimu kwenye "Sina Makosa" ya Les Wanyika, halafu nitafutie Mkongo aliyekopiwa hapo. Nakusubiri.

Na tusisahau Wakongo hawakuwa Leopoldville tu. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na mkusanyaji wa nyimbo Hugh Tracey mwaka 1952, aliimba Kiswahili, dole gumba likishika besi na kidole cha shahada kikiimba, gitaa kavu moja tu. Huyo hakuhitaji mkalimani kufika kwetu.

Haya, nikiri. Zilikuwepo bendi zetu zilizoimba Kilingala cha kubahatisha, maneno yasiyopo katika lugha yoyote duniani. Na Franco, yule mpiga gitaa wa OK Jazz ya Kinshasa, akivuta nyuzi mbili kwa pamoja, wapo waliomfuata mpaka kwenye kikohozi. Kijana wa saa kubwa ana robo ya hoja. Robo ndogo.

Gitaa la mjomba ninalo mimi. Mwaka jana nyuzi zilikuwa zimeshika kutu, nikalipeleka kwa fundi mmoja mjini anibadilishie. Nilipolifuata alinikabidhi kwa fahari. Limeng'aa, limetyuniwa vizuri. "Nimekurekebishia na kitu kingine, kaka," akaniambia. "Kulikuwa na mtu alikosea akafunga waya mwembamba kwenye namba nne. Hiyo sikuchaji."