Odi iliyokosewa: nani abebe hasara?

"Mimi nikikosea kuandika dau hamnirudishii. Nyinyi mkikosea odi, mbona mnafuta mkeka wangu?"

Hilo ni lalamiko la mtu aliyefutiwa beti na kampuni kwa sababu odi iliandikwa kimakosa. Jibu lina pande mbili, na kesi inayozionyesha vizuri ilitokea Marekani tarehe 16 Septemba 2018. Jimbo la New Jersey lilikuwa na miezi michache tu tangu liruhusu watu kubeti michezo. Siku hiyo, kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani, Denver Broncos walikuwa nyuma ya Oakland Raiders kwa pointi 19 kwa 17, dakika za mwisho kabisa, lakini mpira walikuwa nao na walishafika karibu na milingoti kiasi cha kupiga mkwaju wa pointi 3. Kwenye dirisha la kampuni ya kubeti ya FanDuel, pale Meadowlands jimboni humo, bwana mmoja aliweka dola 110 kwamba Broncos watashinda. Tiketi aliyopewa ilikuwa na bei ya 750 kwa 1. Mkwaju ukapita, Broncos wakashinda 20 kwa 19, na tiketi ikawa na thamani ya zaidi ya dola 82,000.

FanDuel wakagoma kulipa. Walieleza kwamba mfumo uliharibika kwa sekunde 18, na kwamba bei halali wakati ule ingempa faida ya dola 18 hivi tu. Walimpa dola 500 na tiketi za kutazama mechi, akakataa. Habari ikasambaa, wakuu wa michezo ya kubahatisha wa jimbo wakaanza kuulizia, na baada ya siku chache kampuni ikalipa yote.

Wengi husimulia kisa hiki kama ushindi wa mnyonge. Mimi naona kampuni ilikuwa na hoja nzito. Timu inayokaribia kupiga mkwaju ambao wapigaji wa daraja lile hufunga mara nyingi kuliko kukosa haiwezi kuwa na nafasi moja katika 751. Mtu yeyote anayeujua mchezo ule angeona kwamba hiyo si bei.

Sheria ya mikataba imelizoea jambo hili kabla ya kubeti mtandaoni kuzaliwa. Mwaka 1939, mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Hartog na Colin & Shields kuhusu ngozi za sungura-mwitu. Muuzaji alitaka kutaja bei kwa kila ngozi, akaandika bei hiyohiyo kwa kila ratili, na ratili moja ilikuwa na takriban ngozi tatu. Mnunuzi akadai auziwe kwa bei iliyoandikwa. Akashindwa, kwa sababu mazungumzo yao yote ya awali yalihesabu kwa ngozi, kwa hiyo lazima alijua mwenzake amekosea. Kipimo ni hicho: upande wa pili ulijua, au haukuwa na namna ya kutojua.

Hapo ndipo swali la dau linapopata jibu. Ukiandika 100,000 ulipokusudia 10,000, kampuni haina namna ya kujua. Shilingi laki moja ni dau la kawaida kwa mtu mwingine. Odi iliyopotoka kwa kiasi kikubwa inaonekana na kila mtu.

Lakini inaonekanaje? Gawanya 1 kwa kila odi ya mechi, kisha jumlisha. Tuseme mwenyeji ana 1.45, sare 4.20, mgeni 7.00. Utapata asilimia 69, 24 na 14, jumla kama 107. Hizo 7 za juu ya 100 ndizo pato la kampuni. Sasa nukta ikiruka na mwenyeji akaandikwa 14.50, jumla inaporomoka hadi kama 45. Hakuna kampuni inayouza hivyo kwa kukusudia.

Kosa gumu zaidi ni la timu kubadilishana bei: mwenyeji apewe 7.00 na mgeni 1.45. Jumla inabaki 107 ileile, na hesabu haikwambii kitu. Hapo utalinganisha na kampuni nyingine saa ileile. Kama sokoni kote mwenyeji anacheza kati ya 1.40 na 1.50, na kampuni moja tu ina 7.00, kosa limejionyesha. Ila kama wengine wana 2.10 na huyu ana 2.60, hilo si kosa la wazi hata kidogo. Huyo amekadiria vibaya, au amechelewa kushusha bei baada ya habari za majeruhi, na kukadiria ndiyo kazi anayolipwa. Kampuni inayofuta beti ya 2.60 kwa kisingizio cha kosa la wazi inataka ishike faida ya makadirio yake mazuri na kukuachia hasara ya mabaya.

Kinachoniudhi hasa ni muda. Kampuni ikiona kosa saa nane mchana, mechi ikaanza saa kumi, na beti ikafutwa saa mbili usiku baada ya wewe kushinda, kwa saa zote hizo dau lako halikuwa na nafasi ya kushinda. Ungeshindwa, wangelichukua. Umeshinda, wanakurudishia. Kwa hiyo ukifutiwa, uliza swali moja: waliobeti kwa odi hiyohiyo iliyokosewa na wakapoteza, nao wamerudishiwa dau? Kama hapana, kile kifungu cha masharti kinachoruhusu kufuta beti yenye kosa la wazi kimetumika kukwepa malipo.

Kuna na hasara isiyoonekana. Mtu aliyeona 7.00 akaweka hela, kisha kwa kampuni nyingine akaweka upande wa pili ili ajikinge, akifutiwa wa kwanza anabaki na mguu mmoja hewani. Kurudishiwa dau hakumrudishi alipokuwa. Kwenye mkeka wa mechi nane, ule mchezo wenye kosa kwa kawaida huhesabiwa kwa odi ya 1.00, au kwa bei iliyostahili. Hii ya pili naiona ya haki zaidi, maana uliyechagua timu sahihi unabaki na ulichostahili kulipwa.

Mahakama nazo hazitoshwi na kuwepo kwa kifungu peke yake. Mwaka 2021, Mahakama Kuu ya Uingereza iliiamuru kampuni ya kubeti ya Betfred imlipe mteja pauni milioni 1.7 alizoshinda kwenye mchezo wa karata wenye hitilafu. Ule haukuwa mchezo wa odi za mechi, lakini sababu inahusu hapa: masharti ambayo kampuni iliyategemea yalikuwa hayaeleweki, yamefukiwa kwenye maandishi marefu, wala mteja hakuelekezwa kwayo ipasavyo.

Ukipeleka malalamiko, kwa Tanzania kwenye Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kupiga kelele kwamba tiketi ni tiketi hakutakusaidia sana. Beba nyakati tatu: saa beti ilipokubaliwa, saa odi ilipobadilishwa kwenye skrini, na saa ulipopata ujumbe wa kufutiwa. Piga picha za skrini mapema, pamoja na odi za kampuni nyingine mbili au tatu za wakati uleule. Pengo kati ya wakati wa pili na wa tatu ndilo la kulikazia. Kampuni iliyorekebisha bei saa nane imeonyesha yenyewe kwamba saa nane ilishajua, na inapaswa ieleze kwa nini ilikaa na hela yako kimya mpaka kipenga cha mwisho.