Usililaumu limbikizo, liambie hita imefika mwisho

Mtu akilalamika kwamba kidhibiti chake cha PID, ile hesabu inayoamua hita itoe nguvu kiasi gani, kinapitiliza lengo, ushauri wa kwanza anaopewa mara nyingi ni apunguze I, sehemu inayolimbikiza tofauti kati ya lengo na joto lililopo, au aiondoe kabisa. Siukubali ushauri huo. Kwenye mifumo ya kupasha joto, mara nyingi I inafanya kazi yake sawasawa, ila hakuna aliyeiambia kwamba hita imeshafika mwisho wa uwezo wake. Hesabu ya tangi moja inatosha kuonyesha ninachosema.

Tuseme tangi lina lita 100 za maji na hita ya wati 3000. Chumba kina nyuzi 25, nasi tunataka maji yakae kwenye nyuzi 65. Tangi halijafunikwa vizuri, kwa hiyo linapoteza wati 20 kwa kila nyuzi ambayo maji yamezidi joto la chumba. Kuyaweka maji kwenye 65 kunahitaji wati 800 muda wote, hata kama hakuna anayefungua bomba.

Anza na P peke yake, ikitoa wati 200 kwa kila nyuzi ya kosa, yaani tofauti kati ya lengo na joto lililopo. Kosa likiwa sifuri, P nayo inatoa sifuri, na maji hayawezi kubaki kwenye 65 hita ikiwa imezimwa. Yatatulia pale ambapo kosa linatosha kulipia joto linalopotea. Hapa ni kwenye nyuzi 61.4: kosa la 3.6 linaleta wati 727, na tangi linapoteza hizo hizo 727. Ukiongeza P mara kumi kosa linashuka hadi nyuzi 0.4, lakini haliishi, na sasa kelele ndogo ya sensa inairusha hita huku na huku. Unaweza pia kuandika wati 800 moja kwa moja kwenye programu. Itakufaa mpaka usiku; chumba kikishuka hadi nyuzi 18, kosa litarudi.

I inatatua hili bila kujua chochote kuhusu tangi. Inalimbikiza kosa kadiri muda unavyokwenda. Mfumo ukitulia, maana yake limbikizo nalo limetulia, na limbikizo haliwezi kutulia wakati kosa bado lipo, kwa sababu kila sekunde linaongezewa au linapunguzwa. Kwa hiyo mahali pekee pa kutulia ni pale kosa lilipo sifuri, na wakati huo limbikizo lenyewe ndilo limeshika zile wati 800. Chumba kikipoa, litajisogeza lenyewe hadi 940. Tena uthibitisho huu hautaji ukubwa wa tangi wala ubora wa kifuniko. Unadai mambo mawili tu: mfumo uweze kutulia, na hita iweze kutoa kinachoombwa.

Shida yote iko kwenye sharti hilo la pili.

Washa tangi asubuhi, maji yakiwa na nyuzi 25. Kosa ni 40, P peke yake inaomba wati 8000, hita inatoa 3000 na haina zaidi. Maji yatachukua kama dakika 108 kufika 65, na muda wote huo limbikizo linaendelea kujumlisha kosa kana kwamba ombi lake linasikilizwa. Ukipanga muda wa I, yaani muda ambao I inahitaji kuongeza kiasi sawa na cha P kosa lisipobadilika, uwe dakika 30, kila nyuzi moja ya kosa inayodumu dakika moja inaongeza wati 6.7. Maji yanapogusa 65, limbikizo limevimba hadi wati 13,600 hivi. Hita inayohitajika kwa wakati huo ni ya wati 800.

Kitu pekee kinachoweza kulipunguza limbikizo ni kosa hasi, yaani maji yawe ya moto kupita lengo. Kwa hiyo hita inaendelea kuwaka kwa nguvu zote kwa zaidi ya saa nzima baada ya kulipita lengo, na maji yanafika karibu nyuzi 88. Fundi anayetazama joto peke yake atasema I ni kali mno. Mwambie achore mistari miwili kwenye grafu moja: kile kidhibiti kinachoomba na kile hita inachotoa. Mistari hiyo ikiachana kwa muda mrefu, na hita ikachelewa kushuka hata baada ya lengo kupitwa, tatizo ni limbikizo kuvimba, si namba za P na I.

Dawa inayotumika sana ni kuliwekea limbikizo dari: lisizidi 3000. Ni bora kuliko kutofanya kitu, lakini naiona ni dawa nusu. Limbikizo linafika kwenye lengo likiwa na wati 3000 kamili wakati zinahitajika 800, na maji yanapanda hadi nyuzi 70 na nusu. Dari lazima liangalie jumla ya P na I, kwa sababu ni jumla hiyo inayopelekwa kwenye hita.

Njia ya kwanza ya kufanya hivyo ni kusimamisha ulimbikizaji kila jumla inapogonga kikomo. Kwenye tangi letu limbikizo linabaki sifuri mpaka maji yafike nyuzi 50, kisha linajaa polepole, na maji yanaishia kwenye 68 hivi kabla ya kurudi. Ila kuna mtego: simamisha pale tu kosa linaposukuma kuelekea kikomo kile kile. Ukisimamisha bila kuangalia alama ya kosa, limbikizo lililokwisha kuvimba linaweza kufungiwa hapo hapo, hita inawaka, maji yamezidi lengo, na hakuna kinachohesabiwa.

Njia ya pili ndiyo niipendayo. Tofauti kati ya kilichotolewa na kilichoombwa inarudishwa kwenye limbikizo. Hapa `e` ni kosa, `Kp` na `Ki` ni vizidisho vya P na I, `v` ni kilichoombwa, `u` ni kilichotolewa, na `dt` ni muda kati ya hesabu moja na inayofuata:

```
v = Kp*e + I;
u = constrain(v, 0, 3000);
I += dt*(Ki*e + (u - v)/Tt);
```

Hita ikiwa ndani ya uwezo wake, `u` na `v` ni sawa, na nyongeza hiyo inatoweka. Ombi likizidi, tofauti ni hasi nayo inalivuta limbikizo chini. `Tt` ndiyo inayoamua kasi ya kuvuta. Ukiiweka sawa na muda wa I, dakika 30, unarudi karibu na zile nyuzi 70 na nusu. Ukiiweka dakika 10, maji yanapitiliza kwa nyuzi 3 na kitu, karibu sawa na njia ya kwanza, bila masharti ya kuandika. Usiifanye fupi kupindukia, hasa ukiwa na D, sehemu inayofuata kasi ya kubadilika kwa kosa, kwa sababu kelele ya sensa ikigusa kikomo kwa sekunde moja itaweza kulifuta limbikizo lililokuwa sahihi.

Sababu kubwa ya kuichagua ni kwamba `u` si lazima itoke kwenye programu. Umeme wa hita ukikatika huku kidhibiti kikiendelea kwa betri, programu itaamini hita inatoa kile ilichoagizwa. Maji yanapoa, P na I zinapanda, na hakuna dari litakaloanza kazi mpaka ombi lizidi 3000. Ukiwa na sensa ya mkondo kwenye waya wa hita, weka nguvu iliyopimwa mahali pa `u`. Hapo limbikizo linajua mara moja kwamba hakuna kinachotoka. Umeme ukirudi, linaanza kujijenga upya kutoka chini, wala halianzi na dai la masaa mawili ya giza.